Karani wa hesabu au mwalimu: mashine inabakisha nini kila upande

Matokeo ya fomu siksi yakishatoka tu magrupu ya familia yanajaa swali moja, mtoto aende wapi, na hapa Dar kwa wengi ambao alama hazikufika kwenye udaktari wala uinjinia maongezi yanaishia kwenye njia mbili, ama diploma ya uhasibu na kazi za ofisi pale CBE au TIA, ama ualimu. Zamani watu walikuwa wanalinganisha mshahara na posho basi. Siku hizi kuna swali la tatu limeingia, hivi hiyo kazi itakuwepo miaka kumi ijayo au kompyuta itakuwa imeshaibeba?

Mimi niko upande wa hesabu, duka la jumla la vifaa vya umeme Kariakoo, na dada yangu anafundisha shule ya msingi Mbagala, kwa hiyo hili tunabishana karibu kila Jumapili na kila mtu anavutia kwake. Naandika nilivyoona pande zote mbili halafu nitasema ningekuwa wewe ningechagua nini, ila usinishike shati baadaye.

Kwanza ile orodha maarufu. Mwaka 2013 wasomi wawili wa Oxford, Frey na Osborne, walipitia kazi 702 za Marekani wakaipa kila moja uwezekano wa kufanywa na kompyuta. Wa kuingiza data kwenye mfumo wakampa asilimia 99, karani wa vitabu vya hesabu 98, katibu muhtasi 96, mwalimu wa shule ya msingi chini ya asilimia 1. Ukisoma hapo unaweza kufunga mjadala, kimbilia ualimu. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani nao wakaangalia hizi programu mpya za kuandika na kujibu, wakakuta kazi za ukarani ndizo zinazoguswa na hizo programu kuliko zote, robo hivi ya shughuli zake ziko kwenye hatari kubwa na zaidi ya nusu ziko kwenye hatari ya kati. Kwa hiyo miaka kumi imepita, teknolojia imebadilika kabisa, na karani bado yuko palepale mstari wa mbele.

Shida ya hizo orodha ni kwamba zinakupa jina la kazi na namba, hazikwambii ndani ya kazi ni kipi kinaondoka na kipi kinabaki. Mashine haijawahi kuja ofisini ikachukua kiti cha mtu mzima mzima, inachukua kipande. Kumbuka serikali ilivyoleta GePG mwaka 2017, ile ya kumbukumbu namba ya malipo. Kabla yake ulikuwa unapanga foleni dirishani, keshia anahesabu noti, anakuandikia risiti, jioni anafunga kitabu. Leo unalipa kwa simu ukiwa kwenye mwendokasi. Ofisi bado zipo na wahasibu wake bado wapo, ila kile kipande cha kupokea noti na kuandika risiti kimekwenda, na aliyekuwa hajui kingine zaidi ya hicho ndo aliyeumia.

Kwa hiyo angalia kilichobaki, na zaidi angalia kilichobaki kinahitaji watu wangapi. Hapo ndo hizi kazi mbili zinaachana njia.

Upande wa ofisi

Nichukue kazi moja tu ambayo kila karani wa hesabu anaijua, kulinganisha mauzo na pesa zilizoingia, wenyewe tunaita rekonsiliesheni. Tuseme duka limepokea malipo 600 kwa mwezi kupitia lipa namba na benki. Zamani ilikuwa unaprinti taarifa ya benki, unaweka rula, kalamu nyekundu, unatiki mstari kwa mstari huku mwenzako anakusomea, watu wawili siku mbili tatu zinaisha na macho yanauma. Sasa unashusha faili la CSV toka benki, unaweka kwenye Excel shiti moja inaitwa Benki, mauzo shiti nyingine, halafu pembeni ya mauzo unaandika hivi:

```
=COUNTIFS(Benki!B:B,B2,Benki!C:C,C2)
```

Hapo kwenye shiti zote mbili safu B ni namba ya muamala na C ni kiasi. Ikikuletea 1, malipo yameonekana benki. Ikikuletea 0, yananing'inia. Ikikuletea 2, kuna kitu kimeingia mara mbili. Unaburuza mpaka chini, dakika kumi umemaliza, na mifumo ya hesabu ya kulipia siku hizi inafanya hivyo yenyewe usiku ukiwa umelala.

Tuseme kati ya 600, zimekaa sawa 550. Hizo 50 ndo kazi yenyewe sasa. Nyingi ni vitu vyepesi, mtu kalipa karibu saa sita usiku benki ikasoma kesho yake, au kalipa ankara mbili kwa muamala mmoja, au muamala umerudishwa. Ukishazoea unazimaliza haraka, na kusema kweli hata hizo mashine inaweza kufundishwa. Ila zipo chache zinazokuweka kwenye kiti.

Mfano halisi wa hizo. Kampuni yetu ina stoo ambayo tunapangisha kampuni nyingine, tuseme pango ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi (VAT naiacha pembeni ili hesabu iwe nyepesi). Mwisho wa mwezi inaingia 1,800,000. Mfumo unaandika pungufu 200,000, unaweka rangi nyekundu, basi. Karani asiyejua anampigia mpangaji anamdai, wanagombana. Karani mwingine anaona usumbufu, anaifuta kama punguzo. Karani anayejua anaangalia ile 200,000 anaona ni asilimia 10 kamili ya pango, na asilimia 10 kwenye pango ni kodi ya zuio, yaani mpangaji kaikata kama sheria inavyomtaka aipeleke TRA. Kwa hiyo hilo si deni, ni kodi ya kampuni yetu iliyolipwa kabla. Lakini haina faida mpaka upate cheti cha kodi ya zuio toka kwa mpangaji, ndo mwisho wa mwaka unaipunguza kwenye kodi ya mapato. Ukilala, miezi kumi na mbili ni 2,400,000 umeiacha mezani, na hakuna mfumo utakaokupigia kelele kwa sababu kwenye vitabu ulishaifuta kama punguzo na kila kitu kinaonekana safi.

Ile sheria ya asilimia 10 unaweza kuiandika kwenye programu, sikatai. Ila kumfuatilia mhasibu wa wale jamaa ambaye kila ukipiga yuko kikaoni, kujua kama kweli ile hela aliipeleka TRA au kaikalia, kuamua umshitaki kwa bosi wake au umsubiri mpaka wiki ijayo kwa kuwa mkataba unaisha na hutaki mpangaji akimbie, hiyo bado ni ya mtu.

Halafu kuna kosa baya kuliko la kuning'inia, nalo ni lile la kukaa sawa kwa uongo. Ukilinganisha kwa kiasi peke yake bila namba ya muamala, na wateja wawili wamelipa 50,000 siku moja ila mmoja kati yao kalipia ankara ya mwezi uliopita, mfumo utawaoanisha vyovyote, jumla itakubali, ripoti itatoka kijani tupu. Utakuja kujua siku umemtumia meseji ya deni mtu aliyelipa na risiti anayo mkononi. Ndo maana mtu anayeaminika kwenye hesabu huwa haishii kwenye zile nyekundu, anachomoa na kijani kadhaa kwa kubahatisha anazifuata mpaka kwenye karatasi. Ukimuona karani anafanya hivyo bila kuambiwa, huyo hafukuzwi.

Sasa sehemu chungu. Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wawili watatu. Hizo 50 zilizobaki zinamtosha mmoja, na huyo mmoja anakuwa mtu anayejua kodi, anajua mfumo, anajua kuongea na watu. Wale wengine hawakufukuzwa kwa kelele, mmoja kaacha kazi hawakuajiri mwingine, basi. Na mlango uliofungwa ni ule wa chini, ule ambao sisi wengine tuliingilia tukiwa hatujui kitu, tunatiki kwa rula huku tunajifunza. Nao sistimu ya mafaili serikalini inavyohamia kwenye kompyuta, karani wa masjala yumo kwenye hadithi hiyohiyo, sirudii.

Upande wa darasani

Huku nimemtumia dada. Darasa la tano, watoto 90 (wapo wenye zaidi), zoezi la kujumlisha sehemu, nusu kujumlisha theluthi, 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6. Kusahihisha kwenyewe ni kutiki na kukosesha, na hicho kipande mashine inakiweza toka kitambo, mtihani wa darasa la saba wenyewe watoto wanaweka kivuli kwa penseli na mashine inasoma. Maandalio ya masomo, azimio la kazi, kutunga maswali ya kuchagua, haya yote programu za sasa zinaandika kwa dakika, na walimu wengi wanazitumia na wala hawasemi. Mwalimu ambaye sifa yake ni maandalio yaliyonyooka na daftari za wanafunzi zilizojaa notsi za ubaoni, huyo naye kipande chake kimekwenda.

Ila sasa tazama waliokosa. Mmoja kaandika 2/5. Ukimuuliza anakwambia, "Mwalimu, moja na moja mbili, mbili na tatu tano." Mwingine kaandika 2/6. Wote wawili wamepata sifuri, lakini hawaumwi ugonjwa mmoja. Wa pili anajua KDS, kapata sita kwenye asili vizuri kabisa, kasahau kubadilisha viasi, huyo dakika mbili kwenye kona ya ubao anarudi kwenye mstari. Wa kwanza bado haoni kwamba 1/2 ni kitu kimoja, kwake ni namba mbili zimepandana, ukimpa maswali ishirini zaidi ya namna hiyohiyo atakukosea yote ishirini kwa ustadi uleule. Dada anachofanya ni kumkunjia karatasi, anamuonyesha nusu yake, halafu anamuuliza, hiyo mbili ya tano uliyopata ni kubwa kuliko nusu au ndogo? Mtoto akipaka rangi anaona ni ndogo. Sasa ulianza na nusu, ukaongeza, ukapata pungufu ya ulichoanza nacho, inawezekana? Hapo mtoto anakaa kimya, na huo ukimya dada anasema ndo mshahara wake.

Nikamwambia mbona hata hiyo kompyuta inaweza. Na kweli inaweza, mwaka 1978 kule Marekani watafiti Brown na Burton walishaandika juu ya programu iliyokuwa inatambua mtoto anakosea kutoa namba kwa njia gani, kwa kuangalia majibu yake tu. Kwa hiyo kutambua kosa si siri ya mwalimu peke yake. Dada akacheka, "Haya, lete kompyuta tisini, lete na umeme, halafu na wewe njoo ukae mlangoni asitoke mtu." Kejeli, lakini ana hoja ya maana. Peru waligawa laptopu kwa watoto shule nyingi za vijijini, watafiti wakafuatilia baada ya mwaka na kitu, ripoti ikatoka mwaka 2012, alama za hesabu na lugha hazikupanda. Vifaa vilifika, ila cha kufundishia kilichomfuata mtoto mahali alipokwama hakikuwepo. Na sisi wenyewe shule zilivyofungwa Machi 2020 mpaka Juni, vipindi vilikuwa kwenye televisheni na redio, na mzazi yeyote aliyekuwa nyumbani anajua mtoto aliangalia kwa muda gani kabla hajahamisha chaneli.

Na darasani nako kuna kule kukaa sawa kwa uongo, tena huku kunatisha zaidi. Mpe mtoto arahisishe 16/64, anakata sita ya juu na sita ya chini, anabaki na 1/4. Jibu sahihi kabisa! Mashine inampa tiki, mwalimu mvivu anampa tiki, na mtoto anaondoka na njia mbovu iliyopewa baraka. Mwalimu mzuri anampa na 13/39 hapohapo amuone. Huko akikata tatu na tatu kwa njia ileile anapata 1/9 wakati jibu ni 1/3. Kinyume chake pia kipo, mtoto kajumlisha 1/4 + 1/2 kaandika 6/8, funguo ya majibu inasema 3/4, anakoseshwa wakati hajakosea, hajarahisisha tu.

Sasa weka pamoja

Ofisini mashine ikichukua zile 550, zile 50 zinazobaki zinamtosha mtu mmoja, na duka likikua mpaka malipo 2,000 bado huenda mmoja huyohuyo akatosha kwa sababu mfumo unakua naye. Darasani mashine ikisahihisha daftari zote 90, bado wale waliokwama kila mmoja amekwama kwa namna yake na kila mmoja anataka mtu wa kukaa naye, ukiongeza watoto unaongeza waliokwama, hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo kwa upande wa mashine tu, ualimu unadumu kuliko ukarani, na mimi wa hesabu nasema hivyo bila kuonewa.

Lakini kudumu kwa kazi na wewe kuajiriwa ni vitu viwili. Toka elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa na walimu wanahitajika, ila walimu wenye vyeti waliokaa mtaani ni wengi, hasa wa masomo ya sanaa, serikali imekuwa ikiwapa kipaumbele wa sayansi na hisabati, na siku hizi mwalimu naye anapita Ajira Portal na usaili kama mtu mwingine yeyote. Hakuna mashine iliyowaweka mtaani hao, ni bajeti. Ukisoma ualimu wa historia kwa sababu umesikia roboti haiwezi kufundisha, utakuwa salama dhidi ya roboti na utakaa nyumbani vilevile. Upande wa ofisi ni kinyume, duka la Kariakoo, klinik ya Sinza, kampuni ya malori Kurasini, wote wanahitaji mtu wa hesabu na hawasubiri kibali cha mtu, milango ni mingi, ila kila mlango umebaki na kiti kimoja.

Kwa hiyo ningekuwa na miaka 19 ningefanya hivi. Kama napenda namba na sina subira na watoto, ningeenda ofisi, ila nisingepoteza hela kwenye ile kozi ya kompyuta ya miezi mitatu ya kuchapa haraka na kupanga barua, hiyo ndo sehemu ya kwanza kuondoka na ilishaanza kuondoka. Ningesoma uhasibu kwa lengo la kufanya mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, nianze na ile ya ufundi uhasibu, na humo ningekaa sana kwenye kodi na ukaguzi, kuliko kwenye kuingiza data. Pia ningejifunza Excel mpaka niweze kueleza kwa nini fomula imeleta 0, maana fomula yenyewe mtu anaweza kuiombea kokote, kujua kwa nini imekataa ndo hakuuzwi.

Kama napenda watoto au angalau hawanichoshi, ningechagua hisabati na sayansi au madarasa ya chini kabisa, la kwanza na la pili, kule kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu mtoto ambaye bado hajui kusoma hawezi kufundishwa na kitu kinachomtaka asome kwanza. Na chuoni ningekuwa na daftari moja la makosa, kila somo naandika watoto wanakosea vipi na swali gani linawafichua, maana hilo halimo kwenye andalio lolote, na hata ajira ya serikali ikichelewa ndilo litakalonipa tuisheni mtaani, mzazi wa Mbagala anajua ndani ya mwezi kama mwanae ameelewa au kakaririshwa.

Na kabla hujalipa ada popote, nenda ukaulize. Chuo cha uhasibu waulize wanafunzi wa mwaka wa pili kama wameshawahi kupewa taarifa ya benki ya kweli, chafu, yenye makosa, wakaambiwa waifunge wenyewe, au wanapewa ile ya kitabuni ambayo inakubali siku zote. Chuo cha ualimu waulize mazoezi ya kufundisha ni wiki ngapi, na mkufunzi akija darasani kukukagua anaangalia andalio lako au anaenda kukaa nyuma na watoto kuangalia wanaandika nini.